Uso Mkavu na Mbwembwe katika Utani wa Wasukuma

Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu huko Bujora, karibu na Mwanza, ushindi ni wa manju aliyevuta umati mkubwa zaidi. Tusi la wimboni hubebwa na mwili, kwani aliye mbali hauoni uso.

Msibani mambo hugeuka. Mtani mwenye haya akitamka taratibu, bila tabasamu, "Asizikwe kabla ya kunilipa deni langu," uhusiano wa utani ndio unaotangaza mzaha. Hana haja ya kuuigiza. Kiswahili humwita asiye na haya "mkavu wa macho", lakini hapa haya yenyewe ndiyo inayoukausha uso. Tatizo ni mgeni asiyeujua utani huo: waombolezaji wakitazamana badala ya kucheka, dhihaka imesikika kama dai.