Uzito wa Neno la Mjane: Juu ya Shairi Lisilo na Vina

Katika misiba yetu huku Lulindi, baada ya mazishi, wanafamilia hupewa nafasi ya kusema neno. Vijana wenye kipaji hupenda kuligeuza neno hilo kuwa shairi, na karibu siku zote huchagua shairi la vina. Tunataka kueleza kwa nini vina havifai kila wakati, na ni nini kinachobeba uzito wa maneno pale vina vinapoondolewa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna shairi huru, ambalo halifuati vina wala mizani. Kuna pia shairi lenye mizani sawa katika kila mshororo, ila halina vina. Hili la pili ndilo Shekspia alilotumia katika sehemu kubwa ya tamthilia zake, na ndilo Mwalimu Nyerere alilokabiliana nalo alipoitafsiri tamthilia ya Julius Kaizari. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1963, akairekebisha, na ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwalimu huyo huyo alipozigeuza Injili kuwa tenzi, zilizochapwa na watawa Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996, alitumia vina. Tunaona mantiki hapo. Utenzi husimulia, na vina huisukuma hadithi mbele. Bali mtu anayesema mbele ya watu kwa uchungu hasukumwi. Husimama, hukatika, huanza tena.

Tuchukue mfano tuliojitungia wenyewe. Mumewe mama mmoja amezikwa jana. Shemeji zake wanamtaka aondoke kwenye shamba la mikorosho. Kijana wa kwaya angeweza kumsemea hivi:

Marehemu alipanda, maji nikamletea,
Shemeji leo wapenda, mimi nipate potea.

Mizani ni nane kwa nane, vina viko sawa, hakuna wa kulalamika. Lakini tulisikilize neno "wapenda". Nani amesema shemeji anapenda mama huyu apotee? Mjane hakusema. Neno hilo limeletwa na kina cha "alipanda". Tena kituo kinaangukia mizani ya nane kila mara, kwa hiyo maji na kupotea vinapewa uzito ule ule. Sikio linapumzika mahali pale pale, na baada ya beti tatu linasubiri kina tu, halimsubiri mama.

Sasa tumpe mishororo ya mizani kumi na mbili, bila vina:

Mikorosho hii alipanda yeye.
Maji ya miche nilibeba kichwani.
Leo mnasema nitoke. Nitoke
niende wapi? Shemeji, mwaka ule
wa njaa, ulikula kwangu. Kaburi
halijakauka. Udongo mbichi.
Nitakaa hapa. Haya, nimesema.

Mishororo miwili ya kwanza ni toshelezi: maana inaisha pale mshororo unapoisha. Kila mmoja umefungwa kama ushahidi mbele ya wazee wa baraza. Yeye alipanda, mimi nilibeba. Mama hajalia bado, anaweka mambo mezani moja moja, na ukimya unaofuata kila nukta unawapa wasikilizaji nafasi ya kukubali.

Mshororo wa tatu unavunja utaratibu huo. Kituo kinakuja baada ya mizani tisa, kwenye "nitoke" ya kwanza. Zinabaki mizani tatu tu, nazo zinajazwa na neno lile lile. "Nitoke" ya kwanza ni ya mashemeji, mama anawanukuu. Ya pili ni yake, na inaning'inia ukingoni mwa mshororo bila kumalizika. Huu ndio mshororo wanaouita mshata, yaani ule ambao maana yake inamalizikia katika mshororo unaofuata. Pumzi ya msomaji inataka kusimama kwa kuwa mshororo umeisha, na maana inamvuta aendelee. Katika mvutano huo ndimo sauti ya mama inamotetemeka, ingawa hatujaandika popote kwamba anatetemeka.

Kisha tuangalie kituo kinavyohama. Katika mshororo wa nne swali linaishia kwenye mizani ya tano, na katika wa tano sentensi inaishia tena kwenye ya tisa. Kule tisa linabaki neno moja tu, "Kaburi", kwenye ukingo. Lingekuwa katikati ya mshororo lingepita haraka. Pale mwisho linasikika peke yake kabla hatujajua litasemwa nini. Halafu katika mishororo miwili ya mwisho kituo kinarudi katikati kabisa, sita kwa sita, kama ukwapi na utao wa shairi letu la zamani. Mama ametulia. Uamuzi wake unasikika hata kabla ya kuelewa maneno.

Kwa nini vituo vinabeba mzigo mkubwa hivi katika Kiswahili? Kiingereza cha Shekspia hupanga silabi zenye mkazo na zisizo na mkazo, na mshororo unaweza kuishia kwa pigo zito. Maneno yetu karibu yote yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila mshororo unaishia kwa silabi nyepesi. Mshairi wa Kiswahili hawezi kugonga mwishoni kwa mkazo. Akiacha vina, kinachobaki mkononi mwake ni mahali pa kusimama na mahali pa kutosimama.

Hata Biblia inalijua jambo hili. Mashairi ya Kiebrania hayategemei vina. Katika kitabu cha Maombolezo, mishororo mingi ya sura nne za kwanza ina nusu ya kwanza ndefu na ya pili fupi, mapigo matatu kwa mawili, kama mtu anayeishiwa pumzi. Sura ya tano, ambayo ni sala, inaelekea kwenye nusu zinazolingana.

Yako makosa mawili ya kuangalia. La kwanza ni kuifanya kila mishororo kuwa toshelezi. Hapo shairi linageuka matangazo ya ibada. Dalili yake ni kwamba unaweza kuipanga mishororo upya na hakuna kinachoharibika. La pili ni kuifanya yote kuwa mishata. Hapo linageuka barua iliyokatwakatwa. Liandike kama aya ya kawaida, umpe mwenzako asome kwa sauti: ikiwa hakuna kilichopotea, mishororo haikuwa na kazi. Tuangalie pia mshata usiishie kwenye "na", "ya" au "kwa", maana hapo sauti inasimama juu ya neno lisiloweza kuibeba. Ndiyo maana tumeacha "mwaka ule" mwisho wa mshororo wa nne, na "wa njaa" tukaipeleka mwanzoni mwa wa tano. Shemeji anasikia "mwaka ule", na kabla hajaambiwa ni upi, ameshaukumbuka.