Kivuli cha Mtungi Usiokuwepo

Picha inayochambuliwa hapa ni ya ua wa mchanga wenye nguzo mbili zilizosimama wima, jua likitokea nyuma ya mpigapicha, ambamo mtungi wenye kimo cha sentimita 60 unatakiwa kuongezwa. Nguzo hizo ndizo kipimo cha kazi nzima. Mistari ikivutwa kufuata kivuli cha kila nguzo, hukutana pichani kwenye upeo wa macho, ingawa uani vivuli hivyo viko sambamba. Na mistari inayotoka kileleni mwa kila nguzo kupitia ncha ya kivuli chake hukutana mahali pengine, chini kabisa ya makutano ya kwanza. Basi mstari unaotoka kitako cha mtungi hadi makutano ya juu huonyesha mwelekeo wa kivuli, na ule unaotoka mdomoni hadi makutano ya chini huukata wa kwanza pale kivuli kinapoishia. Kunakili tu mshazari wa kivuli cha nguzo iliyo karibu ni kosa, kwa kuwa mshazari huo hubadilika kila kitu kinaposogezwa kando.

Umbo la kivuli hupatikana kwa kujaza weusi nakala ya mtungi na kuilaza kwa amri ya Distort, njia inayofaa kwa sababu mtungi ni wa mviringo; kiti kingeharibika, maana jua hukiona kwa upande ambao kamera haikuuona.

Ulaini wa ukingo ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Jua lina upana wa takriban nusu digrii angani, hivyo kivuli huzungukwa na nusukivuli, yaani ukanda ambamo sehemu tu ya jua imezibwa, na ukanda huo hupanuka kwa karibu sentimita 1 kwa kila mita ambayo mwanga husafiri kutoka ukingo wa kitu hadi ardhini. Jua likiwa nyuzi 45, mwanga unaopita mdomoni mwa mtungi husafiri sentimita 85 hivi, kwa hiyo ncha ya kivuli ina ukanda wa milimita 8, ilhali penye kitako ukingo ni mkali. Mtungi ukichukua pikseli 600 pichani, milimita hizo ni pikseli 8 hivi, ambazo Gaussian Blur ya pikseli 3 huzitosheleza. Kipimo hicho kikitumika kwa kivuli chote, mtungi huonekana kuelea. Ndiyo maana nakala kali na nakala laini huunganishwa hatua kwa hatua kutoka kitakoni hadi nchani.

Rangi huchukuliwa kutoka kivuli cha nguzo, ambacho huelekea samawati kwa sababu bado kinamulikwa na anga, kisha tabaka huwekwa katika hali ya Multiply. Hapo hujitokeza kosa lililo rahisi kugundulika: vivuli viwili vinapopishana, Multiply hutia giza mara mbili, ilhali jua lililokwisha kuzibwa na nguzo haliwezi kuzibwa tena na mtungi. Sehemu hiyo ya kivuli kipya hufutwa, isipokuwa ufito mwembamba unaogusa kitako, ambako mtungi huziba hata mwanga wa anga.