Nyongeza ya asilimia 10 iliyofika karibu 30

Ankara ilikuwa ya vipeperushi 2,000 vya mteja wetu wa Dar es Salaam. Kazi ya usanifu ilikuwa yetu, kazi ya uchapaji tuliipeleka kwa mchapaji. Tulikubaliana na mteja tangu mwanzo kwamba gharama ya uchapaji tutaiongeza asilimia 10: tunatanguliza fedha zetu, mashine ikianza tunasimama pale kukagua rangi, na kosa likitokea ni sisi tunaorudia kazi. Maneno hayo yaliandikwa kwenye makadirio, akayasaini.

Mchapaji alitutoza shilingi 2,360,000 na kutupa risiti ya EFD. Mimi nikachukua jumla ile, nikaongeza asilimia 10, nikapata 2,596,000. Chini yake nikaweka VAT ya asilimia 18, shilingi 467,280. Mteja akaletewa ankara ya 3,063,280.

Mhasibu wake alirudisha ankara na swali moja tu: bei ya mchapaji kabla ya kodi ni ngapi?

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Ndani ya zile 2,360,000, bei halisi ni 2,000,000 na kodi ni 360,000. Sisi tumesajiliwa VAT, na risiti ina jina letu, kwa hiyo kodi ile tunaidai kwenye ritani yetu. Si gharama kwetu. Nilikuwa nimemtoza mteja kitu ambacho nakirudishiwa, nikakiwekea nyongeza, kisha nikakitoza kodi mara ya pili. Ukitoa 2,000,000 kwenye 2,596,000 unabaki na 596,000. Niliahidi asilimia 10, nikachukua karibu 30, na kwa kweli niliona haya, maana mteja aliniamini.

Ankara sahihi ilikuwa hivi: uchapaji 2,000,000, usimamizi wa uchapaji asilimia 10, 200,000, VAT juu ya 2,200,000 ni 396,000, jumla 2,596,000. Nyongeza ina mstari wake na jina lake, na nakala ya risiti imebanwa nyuma. Asiyesajiliwa VAT hesabu yake ni nyingine, kwa sababu yeye harudishiwi kodi: gharama yake ni 2,360,000 kamili.

Nauli ya kwenda Dodoma kwa kazi hiyohiyo tuliidai kama ilivyo, hatukuiongeza hata senti. Kununua tiketi hakuna kazi ya kulipwa.

Kazi ya uchapaji ikiwa kubwa, siku hizi namwomba mteja amlipe mchapaji mwenyewe na risiti iandikwe jina lake na TIN yake. Fedha yetu haikwami, na sisi tunaandika ankara ya usimamizi peke yake. Ila mteja akimlipa moja kwa moja, akubali kwa maandishi nani anabeba hasara rangi ikiharibika, kwani mkataba na mchapaji sasa ni wake.