Pale Mchezo Ulipogeuka: Jinsi ya Kupima Ufafanuzi wa Mchezo wa Sataranji

Ufafanuzi wa mchezo wa sataranji, yaani maelezo yanayoandikwa kando ya orodha ya hatua baada ya mchezo kumalizika, hupimwa kwanza kwa jambo moja: kama mwandishi wake ameitambua hatua ambayo kabla yake upande ulioshindwa ulikuwa bado na njia ya kujiokoa, na baada yake haukuwa nayo tena. Hatua hiyo ndiyo mgeuko wa mchezo. Katika michezo ya klabu mgeuko huo mara nyingi hufichwa na kelele za mwisho, kwa sababu mshindi hukumbuka pigo lake zuri na mshindwa hukumbuka hatua yake ya mwisho mwisho, ilhali kosa lenyewe lilitendeka kimyakimya hapo nyuma, katika hatua ambayo wote wawili waliiona kuwa ya kawaida.

Mfano mfupi unaofaa kuonyesha kazi hii umo katika maandishi ya Gioachino Greco, mchezaji wa Italia wa mwanzoni mwa karne ya 17, ambaye aliacha mkusanyo wa michezo mifupi isiyotaja jina la mpinzani. Mtego uliomo humo ungali unawanasa wachezaji wa klabu hadi leo. Hatua zake zimeandikwa hapa kwa alama za kawaida, ambapo K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu na N farasi. Hatua ya askari haina herufi ya kipande. X ni kula, + ni cheki, # ni chekimeti, na O-O ni kumhifadhi mfalme, yaani hatua moja ambayo mfalme husogea miraba miwili kuelekea ngome yake nayo ngome huruka na kukaa upande wake wa pili.

```
1.e4 e6 2.d4 Nf6 3.Bd3 Nc6 4.Nf3 Be7
5.h4 O-O 6.e5 Nd5 7.Bxh7+ Kxh7
8.Ng5+ Bxg5 9.hxg5+ Kg8 10.Qh5 f5
11.g6 Re8 12.Qh8#
```

Mfafanuzi asiye makini huanzia mwisho na kuishia hapo hapo. Ataweka alama ya kuuliza, ambayo katika ufafanuzi humaanisha kosa, kwenye hatua ya kumi ya Mweusi, kisha ataandika kwamba kusogeza askari hadi f5 kulimpa Mweupe nafasi ya kusukuma askari wake hadi g6. Hukumu hiyo haisimami mtu akiyapanga mazingira hayo ubaoni. Malkia aliyeko h5 anatishia kwenda h7 au h8 na kumaliza mchezo, akilindwa na ngome iliyobaki h1 kwenye safu ambayo sasa iko wazi. Mweusi akiiondoa ngome yake f8 na kuipeleka e8 ili mfalme apate pa kukimbilia, malkia anaingia h8 na hiyo ni chekimeti, kwa kuwa mraba wa f8 nao uko kwenye mstari wa malkia. Akimla askari wa g5 kwa malkia wake, bado anafungwa palepale kwa malkia kwenda h7. Farasi wake akirudi f6 kuulinda mraba wa h7, malkia anaingia h8. Kinachozuia chekimeti ya papo hapo ni kumsogeza askari wa f tu, mraba mmoja au miwili, ili mfalme apate mraba wa f7. Na hata hivyo askari wa Mweupe anapofika g6 anauziba mlango huo. Kwa hiyo hatua iliyolaumiwa ni mojawapo ya hatua mbili pekee zilizorefusha mchezo, na ufafanuzi unaoiita kosa unamfundisha msomaji kinyume cha ukweli.

Njia ya kuupata mgeuko ni kurudi nyuma hatua kwa hatua huku swali lile lile likiulizwa katika kila hatua ya mshindwa: je, palikuwa na hatua nyingine ambayo ingehimili jibu bora la mpinzani? Katika hatua ya tisa mfalme angeweza kupanda g6 badala ya kurudi g8, lakini malkia humpa cheki akiwa h5, mfalme hukimbilia f5, malkia hutoa cheki nyingine kutoka h3, na hapo akienda e4 anafungwa na malkia aliyeko d3, akirudi g6 anafungwa na malkia aliyeko h7. Katika hatua ya nane, badala ya kumla farasi, mfalme angepanda g6, naye askari wa h angesogea h5 kwa cheki; akienda f5, askari wa g anayeruka hadi g4 anamaliza mchezo. Akienda h6 badala yake, farasi anamla askari wa f7 na kutoa cheki ya vipande viwili kwa pamoja, yake mwenyewe na ya askofu wa c1 ambaye njia yake imefunguka, kisha anamchukua malkia.

Hatua ya saba inastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu hapa ndipo wafafanuzi wengi husimama. Mweupe ametoa askofu kwa kumla askari wa h7, Mweusi amemla askofu huyo, na maelezo ya kawaida husema kwamba Mweusi alipokea zawadi asiyopaswa kuipokea. Ni kweli kwamba kumsogeza mfalme h8 bila kumla askofu kungekuwa upinzani mrefu zaidi. Lakini Mweusi angebaki na askari mmoja pungufu, mfalme wake amevuliwa ulinzi upande wa h, na vipande vya Mweupe vikiwa tayari kumzunguka. Mfafanuzi mzuri hutenganisha mambo haya mawili: hatua inayochelewesha kushindwa na hatua inayokuzuia. Ya kwanza hutajwa kwa sentensi moja ili msomaji ajue ipo, ila haiitwi mgeuko.

Katika hatua ya sita askari wa Mweupe amefika e5 na kumshambulia farasi wa f6. Farasi akienda d5 yanatokea yaliyotokea; akirudi e8, askofu anakula h7 vilevile na shambulio linakwenda kwa mpangilio ule ule. Lipo wazo la tatu ambalo mchezaji wa klabu angejivunia, nalo ni kumwacha farasi huyo na kumpeleka mwenzake kutoka c6 hadi b4 ili amshambulie askofu wa d3. Mweupe anamla farasi wa f6, Mweusi anamla askofu, malkia wa Mweupe anamla farasi aliyemla askofu, na Mweusi anamla askari wa f6. Hesabu ya mwisho ni kwamba Mweusi ametoa farasi wawili na kupata askofu mmoja na askari mmoja, hivyo amepungukiwa na kipande kizima.

Hapo ndipo hatua ya tano inapojitokeza. Wazo lile lile la farasi kwenda b4, ambalo katika hatua ya sita lingegharimu kipande, katika hatua ya tano ni zuri kabisa. Askofu wa d3 anashambuliwa, na hawezi kuhama ovyo kwa kuwa ndiye anayemlinda askari wa e4 dhidi ya farasi wa f6. Mweupe akisukuma askari hadi e5, Mweusi anamla askofu kwa cheki, na baada ya Mweupe kumla farasi huyo, farasi wa f6 anaenda d5 salama. Vipande vinabaki sawa, na kile kipande kilichokuwa kimeielekea h7 hakipo tena ubaoni. Kumsogeza askari hadi d5 nako kungewezekana, mradi Mweusi asikimbilie kumhifadhi mfalme mara tu baada ya hapo, kwa sababu hatari ingerudi. Kwa hiyo mgeuko wa mchezo huu ni hatua ya tano ya Mweusi, ile ya kumhifadhi mfalme, na alama ya kuuliza inastahili kukaa hapo na si kwingine.

Kuitaja hatua hakutoshi, kwa kuwa msomaji wa klabu anahitaji kujua kwa nini mtu mwenye akili zake aliichagua. Kumhifadhi mfalme mapema ni fundisho ambalo kila mwanafunzi wa sataranji hupewa, na Mweusi alikuwa na sababu ya pili: askofu wake wa e7 angeulinda mraba wa g5 mara tu farasi wa f6 akiondoka, hivyo alidhani kwamba farasi wa Mweupe hangethubutu kuruka hapo. Ufafanuzi bora huziandika sababu hizi kwa heshima kabla ya kuonyesha pengo lake. Pengo liko katika askari wa h4, ambaye huenda Mweusi alimchukulia kuwa askari wa pembeni anayetangatanga. Kazi yake ilikuwa kubadilisha thamani ya mraba wa g5: farasi akiliwa hapo, askari wa h anamla askofu, safu ya h inafunguka, na ngome ambayo haijasogea tangu mwanzo wa mchezo inatoa cheki. Ulinzi ambao Mweusi aliutegemea ukawa ndio uliofungua mlango. Farasi wa f6 naye, mlinzi wa kweli wa h7 na h5, alikuwa hatua moja tu mbali na kufukuzwa na askari wa e.

Maelezo ya namna hii yanamwachia msomaji kitu anachoweza kukitumia katika mchezo mwingine, ambapo miraba na hatua hazitafanana. Atajua kwamba kabla ya kumhifadhi mfalme upande wa ngome ya karibu, anapaswa kuangalia mambo matatu: kama askofu wa mpinzani anaielekea h7, kama farasi wa f6 anaweza kufukuzwa kwa hatua moja, na kama ulinzi wa g5 utadumu endapo kutakuwa na kubadilishana vipande mahali hapo. Ufafanuzi unaosema tu kwamba Mweusi hakuwa makini, au kwamba shambulio la Mweupe lilikuwa kali, haumpi chochote cha kuangalia.

Msomaji anayetaka kutofautisha kazi nzuri na mbaya kwa haraka anaweza kutazama uwiano wa maneno na hatua. Mfafanuzi aliyejaza ukurasa kwa mistari mirefu ya hatua mbadala baada ya hatua ya saba, huku hatua ya tano ikipita bila neno, ameonyesha bidii pasipohitajika. Hatua mbadala zinahitajika kwa wingi pale tu msomaji anapoweza kubisha. Katika mchezo huu mahali hapo ni pawili: hatua ya sita, ambako ni lazima kuthibitisha kwamba mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika, na hatua ya tano, ambako ni lazima kuthibitisha kwamba yalikuwa hayajaharibika. Uthibitisho wa upande mmoja pekee haufai. Mfafanuzi anayependekeza hatua bora bila kuipima dhidi ya jibu kali zaidi la mpinzani, kwa mfano anayesifu farasi kwenda b4 bila kuonyesha kinachotokea Mweupe anaposukuma askari hadi e5, ameandika matumaini, na msomaji ana haki ya kupanga vipande ubaoni na kumkatalia.