Kishri, Kinywaji cha Ganda

Kwenye milima ya Yemen tunda la kahawa haliharakishwi. Linachumwa likiwa jekundu, linaanikwa zima juu ya paa bapa la nyumba, nalo linageuzwa-geuzwa juani mpaka likitikiswa punje icheze ndani. Hapo ndipo linasagwa kwa jiwe, taratibu, lipasuke bila kuvunjika punje. Punje inakwenda sokoni kwa bei nzuri. Ganda linabaki nyumbani, ndilo kishri, na familia nyingi za huko hunywa kishri zaidi kuliko kahawa yenyewe.

Kazi ninayoihusudu hasa ni ile ya ungo. Pamoja na ganda la nje hutoka kiwambo chepesi cha manjano kilichofunika punje, na kikiachwa kinatia kinywaji ladha ya karatasi. Mpepetaji hukirusha kikapeperuka, kisha anachukua ganda moja na kulivunja. Likikatika kwa mlio, limekauka. Likijikunja kama ngozi, bado lina unyevu na litaota ukungu ghalani. Lenye harufu ya siki lilichacha kabla ya kukauka, na hilo hakuna tangawizi itakayoliokoa, ingawa wauzaji wengine hujaribu.

Katika kupika, watu wengi hudhani ukitaka kinywaji kikali ukiache motoni muda mrefu. Sivyo. Utamu wa ganda hutoka mapema; kinachofuata ni ukakasi na ladha ya mti mkavu. Anayetaka ukali aongeze maganda, si dakika. Kwa mililita 300 za maji, gramu 15 hutoa kinywaji cha rangi ya kaharabu, chenye utamu wa zabibu kavu na uchachu wa mbali unaokumbusha rosela. Ukiweka gramu 20 kinakuwa kizito, karibu na sharubati ya tende. Chini ya gramu 10 unakunywa maji yenye rangi. Dakika 4 au 5 katika maji yaliyotoka kuchemka zinatosha, kisha uchuje.

Wayemeni wenyewe hutumia sufuria na tangawizi iliyopondwa, pengine na kipande cha mdalasini. Kikianza kufura wanakiepua kitulie, wanakirudisha, wanakiepua tena. Tangawizi inafunika uchachu, kwa hiyo anayetaka kulijua ganda lenyewe alionje kwanza tupu, bila sukari. Kafeini imo, ila ni kidogo kuliko ya kikombe cha kahawa, na ndiyo maana kishri hunywewa hata jioni.

Kwa joto la pwani napendelea njia ya baridi: gramu 50 katika lita moja ya maji, usiku kucha ndani ya friji. Ukakasi haupati nafasi ya kutoka, na uchachu unalainika. Asubuhi uchuje kwa kitambaa, maana vumbi la ganda hupita kwenye chujio la chai, na unywe siku hiyo hiyo au kesho yake, kabla sukari ya tunda haijaanza kuchacha.