Nyutoni 140 zimetoka wapi?

Vema ile haikustahili. Nalisema mapema kwa sababu karatasi mmeiona na swali mnalijua: kani mbili zinavuta pete moja, ya kwanza nyutoni 60 kuelekea mashariki, ya pili nyutoni 80 ikielekea kati ya kaskazini na magharibi, pembe kati yake digrii 120. Tafuta tokeo. Mwanafunzi akajibu nyutoni 140, digrii 73.9 kutoka mashariki, na msahihishaji akampa alama ya mwelekeo na ya ukubwa pia.

Mwelekeo sina ugomvi nao. Kijana aliigawa kani ya 80 katika vijenzi vyake, 40 magharibi na 69.3 kaskazini, akabakiwa na 20 mashariki, akatumia tanjiti. Kazi safi.

Kisha, akiwa na 20 na 69.3 mkononi, akaviacha hapo na kwenda kujumlisha 60 na 80. Hilo ni kosa la mwanafunzi, nalo halinishangazi. Linalonikera ni hesabu ndogo aliyoiandika msahihishaji pembeni kwa wino mwekundu: 80 − 60 = 20, 80 + 60 = 140, na chini yake, "jibu limo ndani ya mipaka". Mipaka yenyewe ni ya kweli. Tokeo la kani hizi mbili haliwezi kupungua chini ya 20 wala kuzidi 140, uzigeuze utakavyo. Lakini mpaka wa juu unapatikana kwa kujumlisha ukubwa, yaani kwa kosa lilelile tunalowinda! Anayejumlisha ukubwa atatua juu ya mpaka kila mara, na kipimo hiki kitampitisha kila mara. Ni kama kumpa mwizi ufunguo wa ghala halafu umkague kwa kumwuliza kama anao ufunguo.

Nimekipigia kelele kipimo hiki tangu kilipoanza kuenea kwenye miongozo ya kusahihisha, na sitachoka. Kinakamata jibu la 150 au la 12, na huko kina faida. Kwa 140 kilipaswa kuzua swali moja tu: je, kani hizi zinaelekea upande mmoja? Tokeo hufika mpaka wa juu pale tu pembe kati ya kani inapokuwa sifuri. Hapa ni digrii 120. Msahihishaji hakuhitaji hata kikokotoo.

Kama alikitaka kikokotoo, basi arudi na jibu nyuma. Nyutoni 140 kwa digrii 73.9 zina kijenzi cha kaskazini cha takriban 134.5. Kani ya kwanza inaelekea mashariki tupu, haichangii kitu kaskazini. Ya pili yote nzima ni 80. Hizo 134.5 zimetoka wapi? Jibu la kweli ni kipeuo cha pili cha 20² + 69.3², yaani nyutoni 72.1, pungufu ya kani kubwa yenyewe, na si ajabu pale kani moja inapovuta kwa sehemu kinyume cha nyingine. Kanuni ya kosini inatoa 72.1 ileile.

Walimu wa zamani, wa karatasi ya grafu na penseli iliyochongwa, wasingefika huku. Kwa skeli ya sentimita 1 kwa nyutoni 10 ungechora mstari wa sentimita 6 na wa 8, ukamilishe msambamba, upime ulalo: sentimita 7.2. Ulalo wa sentimita 14 usingechoreka kwenye umbo lile hata ukibonyeza rula. Newton naye, katika Principia ya 1687, hoja ya kwanza aliyoiweka baada ya sheria zake tatu za mwendo ilikuwa ya msambamba huo. Leo mchoro umeachwa, tunasahihisha tarakimu kwa tarakimu.

Mtungaji alichagua vizuri digrii 120. Angeweka 20, tokeo lingekuwa 137.9, na 140 ingelikaribia kiasi kwamba hata rula isingeitenganisha kwa uhakika. Hapo kungebaki kusoma mistari ya kazi tu.

Zaidi ya hapo, kipengele (b) kiliomba kani ya kusawazisha. Kijana akaigeuza 140 yake kuelekea upande wa pili, na msahihishaji, akiwa amekwisha kuibariki, akatoa alama nyingine. Alama ya mwelekeo ibaki. Ya ukubwa ifutwe. Ya (b) itolewe kwa kugeuza mwelekeo peke yake, na pembeni ya 140 iandikwe "vijenzi vyako vya 20 na 69.3 umevipeleka wapi?"