Mfuko wa Shati Uliohama

Wiki iliyopita kijiweni kwetu tulisomewa hadithi fupi ya mwenzetu mmoja, kurasa tisa zilizopigwa chapa, ambazo bado hajazipa kichwa. Baada ya kusomwa palizuka ubishi mpaka mwenye mkahawa akaanza kupanga viti juu ya meza. Mimi nilikuwa upande wa waliosema hadithi ni nzuri lakini mwandishi kaiharibu mwenyewe kwenye ukurasa wa saba. Niliahidi kuyaandika mawazo yangu kwa utulivu, maana kijiweni mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Basi ndugu msomaji, haya hapa.

Kisa ni hiki. Tuko Tanga, mwaka 1986. Kijana Sefu anajifunza kazi kwenye studio ya picha ya Mzee Kombo. Mjini kuna ushirika mdogo wa wavuvi ulioanzishwa mwaka 1974, na sasa eneo lao la ufukweni limepata mnunuzi. Fedha zitagawiwa kwa waanzilishi au warithi wao. Anajitokeza bwana mmoja mwenye duka, anasema naye ni mwanzilishi, na ushahidi wake ni picha ya pamoja ya siku ya ufunguzi. Kweli yumo, wa mwisho kulia, mstari wa nyuma. Akikubaliwa, fungu la Bi Mwanaidi, mjane wa mwanzilishi ambaye jina lake halikuandikwa vizuri daftarini, litamwendea yeye. Picha ya Bi Mwanaidi mwenyewe iliharibiwa na mvua zamani. Sefu anatumwa na Mzee Kombo kuitia picha ya bwana huyo kwenye fremu, na hapo ndipo anapoona jambo. Wanaume wote wamevaa mashati meupe yenye mfuko mmoja kifuani upande wa kushoto, kama mashati mengi ya kiume yanavyoshonwa. Huyu mmoja mfuko wake uko kulia.

Ni hilo tu. Mfuko wenye ukubwa wa punje ya mchele. Sasa tujiulize, kwa nini kosa dogo hivi linabeba hadithi nzima?

Linabeba kwa sababu lina chanzo, na chanzo chenyewe kinatoka ndani ya kazi ya picha. Mghushi alihitaji sura ya bwana huyu akiwa kijana. Mwaka 1986 asingeweza kumwita studio na kumpiga picha mpya, kwani mtu kashaota mvi. Ilibidi atafute negativu yake ya zamani. Akaipata, shati jeupe limo, umri unafaa, ila taa ya studio ilimpiga kutoka kulia kwa mtazamaji, wakati siku ile ufukweni jua liliwapiga wenzake kutoka kushoto. Angembandika hivyo, kivuli cha pua kingeanguka upande wa peke yake, na hata mtoto angeona kuna kitu. Kwa hiyo fundi akaigeuza negativu. Kwenye mashine ya kukuzia, negativu huwekwa upande uliofifia ukitazama chini kwenye karatasi, na upande unaong'aa ukitazama juu. Ukiipindua, picha hutoka kinyume, kulia kunakuwa kushoto. Kivuli kikakaa sawasawa na vya wenzake. Lakini mfuko nao ukahama.

Hapo mwandishi nampa heko. Kosa halikutokana na uzembe. Fundi alikuwa makini sana, na umakini wake kwenye kivuli ndio uliomtia mashakani kwenye mfuko.

Jambo la pili alilolipatia ni kumwandaa msomaji. Kwenye ukurasa wa pili Sefu anakaripiwa kwa kusafisha picha ya msichana kinyume. Picha haikuwa na maandishi ya kumshtua, sura ilionekana nzuri tu, mpaka mama mtu alipoirudisha akisema baka la mwanawe liko shavu la pili. Mzee Kombo akamfundisha: shika negativu kwenye mwanga, tafuta upande usiong'aa, huo uende chini. Tunadhani ni kipande cha kuchekesha cha maisha ya studio. Kumbe tumekabidhiwa ufunguo. Mfuko unapotokea ukurasa wa tano, msomaji mwepesi anaweza kumtangulia Sefu, na asiyemtangulia anajilaumu mwenyewe, hamlaumu mwandishi. Hadithi nyingi za upelelezi tunazoandika sisi vijana zinakosa hili. Mpelelezi anachomoa ushahidi mfukoni mwake kama mfanya mazingaombwe, na msomaji anabaki kupiga makofi bila kujua kilichotokea.

Na kuna sentensi moja ambayo sitaisahau. Bwana mwenye duka anaangalia picha, anatabasamu, anamwambia Mzee Kombo: "Hapa ndiyo nimetoka mwenyewe." Unaposoma mara ya kwanza unaona majivuno. Ukirudia unaelewa. Mtu hujiona kila siku kwenye kioo, na kioo humwonyesha kinyume. Picha iliyogeuzwa ilimpendeza kuliko ya kweli kwa sababu ndiyo sura anayoijua. Aliyekuwa na haki ya kwanza ya kuligundua kosa ndiye asiyeweza kuliona. Mwandishi hakulieleza hili hata kwa neno moja, na alifanya vizuri kunyamaza.

Sasa ukurasa wa saba. Nahisi hapa mwenzetu aliogopa. Alijiuliza, je, mfuko peke yake unatosha? Akaona hautoshi, akaongeza kwamba Sefu alipotazama kwa kioo cha kukuzia aliona pia "kivuli cha pua kimeangukia upande mwingine", na kwamba ukingo wa bega ulikuna ukucha.

Bwana wee! Kama kivuli kiliangukia upande mwingine, negativu iligeuzwa kwa ajili gani? Ushahidi wa pili umeua wa kwanza. Mfuko ulihama kwa sababu kivuli kilirekebishwa, haviwezi vyote viwili kuwa makosa. Na huo ukingo wa kukuna ukucha nao haupo. Picha za kughushi za enzi ya chumba cha giza zilitengenezwa hivi: unasafisha picha mbili, unakata mtu kwa wembe, unapunguza unene wa ukingo kwa msasa kwa nyuma, unambandika, unapaka rangi kidogo kwa brashi pale penye mshono. Kisha kazi yote hiyo unaipiga picha upya na kupata negativu mpya. Picha inayokwenda kwa mteja inatoka kwenye negativu hiyo ya pili, na karatasi yake ni moja, laini kama nyingine yoyote. Ukucha hauna cha kukuna. Kungekuwa na hadithi bora zaidi kama Sefu angepitisha ukucha na asikute kitu, halafu abaki na mfuko wake tu, na shaka.

Maana shaka ipo kweli. Mzee Kombo mwenyewe anaitaja: fundi cherehani anaweza kukosea. Shati moja lenye mfuko wa kulia si kesi. Kinachohitajika si dalili nyingine kutoka kwenye picha ileile, ni kitu cha nje ya picha. Na mwandishi tayari anacho! Ukurasa wa nane Sefu anafungua maboksi ya negativu za zamani usiku, anampata yule bwana peke yake, anaiweka negativu kwenye mashine upande unaong'aa chini, makusudi kabisa kinyume na alivyofundishwa, na kola inalala juu ya kola, mkunjo juu ya mkunjo. Hiyo ndiyo hukumu. Inatosha kufuta mistari minne ya ukurasa wa saba.

Hata katika historia, jicho peke yake mara nyingi halikumaliza kazi. Mwaka 1865, studio ya Mathew Brady huko Washington ilipiga picha ya Jenerali Sherman na majenerali wake. Mmoja, Francis Blair, hakuwepo. Alipigwa baadaye na kuongezwa pembeni kulia. Leo tunajua kwa urahisi kwa sababu toleo lisilokuwa na Blair nalo lipo. Vilevile Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, aliuawa mwaka 1940 na kufutwa kwenye picha waliyopigwa pamoja kando ya mfereji. Nafasi yake yakachorwa maji. Anajulikana alikuwepo kwa sababu picha ya kwanza ilisalia. Angalia pia Blair alivyowekwa pembeni. Mtu wa pembeni ana upande mmoja tu wa kuunganisha, na akiwa mstari wa nyuma huna haja ya kumtafutia miguu wala kivuli cha ardhini. Mwenzetu alimweka bwana wake pahala hapohapo, na sijui kama alijua au alibahatisha.

Kijiweni kuna aliyesema dhamira ya hadithi ni kwamba picha za kuunganisha ni uongo. Sikubali. Pale Lamu, marehemu Omar Said Bakor alijulikana kwa picha za kuunganisha, na wateja wake walizilipia wakijua wanachopata. Ufundi ni uleule. Kinachouma katika hadithi hii ni kwamba picha imepelekwa kwa wazee wa ushirika kama shahidi, na aliyeitengeneza ni mwalimu wa Sefu. Boksi lile la negativu ni la Mzee Kombo. Somo la upande usiong'aa ni la Mzee Kombo. Kijana anamkamata mzee wake kwa elimu aliyopewa na mzee huyohuyo.

Ndiyo sababu mwisho unaniudhi. Ukurasa wa tisa askari wanaingia, Mzee Kombo analia, na Sefu anatoa hotuba ya nusu ukurasa kuhusu uaminifu. Jamani! Aya tatu nyuma, Mzee Kombo ameingia chumba cha giza, ameiona negativu iko juu chini kwenye mashine, na kwa mazoea tu amenyoosha mkono kuirekebisha. "Umeiweka kinyume," anasema. Sefu anajibu: "Ndiyo, Mzee. Kama wewe."

Mwenzetu, simama hapo. Bi Mwanaidi atapata haki yake au hatapata, hilo tutalipigania sisi wasomaji kwenye viti vya kahawa. Ukikubali kukata nusu ukurasa wa mwisho na mistari minne ya ukurasa wa saba, mimi nitaipiga chapa upya kwa mkono wangu.